Fahali wa ukumbusho: kujua bei ya haki sokoni bila mizani

*Daktari, pole na kazi. Sisi ni wa Ahero. Mwezi ujao tunafanya ukumbusho wa baba na ndugu zangu wamenituma mimi nikanunue fahali. Nilipita soko la Sondu kuulizia bei tu. Dalali mmoja akanionyesha fahali mwekundu wa kienyeji, tumbo duara kabisa, akasema huyo ana kilo mia mbili za nyama. Bei 95,000, tukielewana atashuka hadi 85,000. Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo nilizungusha tepu yangu nyuma ya miguu ya mbele, nikapata sentimita 145. Meno sikuangalia. Tunahitaji nyama kilo 120 hivi. Nitajuaje bei ya haki na sokoni hakuna mizani?*

Dada, pole kwa msiba, na asante kwa kutoa ile tepu. Hiyo 145 ndiyo inayoniwezesha kukujibu kwa hesabu. Ninavyoona kutoka hapa, fahali huyo hana kilo mia mbili za nyama. Ana kama 115 hadi 120, na bei yake ya haki iko karibu na shilingi elfu sitini. Nitakuonyesha nimefikaje hapo, ili ukirudi Sondu ufanye hesabu hiyo mwenyewe kwa mnyama yeyote.

Usianzie kwenye bei ya dalali. Ukianza na 95,000 kisha ukaomba apunguze, tayari mnazungumza ndani ya uwanja wake, na hata akikushushia elfu kumi na tano utarudi nyumbani ukidhani umefaulu. Anzia kwenye nyama. Fahali wa kuchinjwa ni kilo za nyama zilizosimama kwa miguu minne, na kilo hizo zina bei inayojulikana katika kila bucha ya Ahero. Wiki ya kwenda sokoni, pita kwenye bucha tatu na uulize mambo mawili: kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa wanauza ngapi, na wao wenyewe wananunua kilo moja kwa bei gani ya jumla nyama ikiwa bado imetundikwa. Bei ya kwanza ni dari yako. Bei ya pili ndiyo bei ya soko la kweli, kwa sababu wenye bucha ndio wanunuzi wakubwa pale Sondu, na kile wanachoweza kulipa ndicho kinachoamua fahali anauzwaje. Katika hesabu yangu nitatumia 600 kwa rejareja na 500 kwa jumla. Ukikuta tofauti, weka za kwako.

Sasa uzito. Kwa ng'ombe aliyesimama vizuri kuna kanuni ya zamani ambayo wafugaji na madaktari wa mifugo wameitumia miaka mingi. Inataka vipimo viwili. Cha kwanza ni mzingo wa kifua, ule uliopima. Cha pili ni urefu wa mwili, kutoka ncha ya bega, pale mbele ambapo mfupa unatokeza, hadi mfupa wa tako chini kidogo ya shina la mkia. Vyote kwa sentimita. Unazidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu unagawanya kwa 10,800. Jibu ni kilo za mnyama akiwa hai.

Urefu hukuupima, ila fahali wa kienyeji mwenye kifua cha 145 mara nyingi huwa na urefu wa kati ya 125 na 130. Nichukue 128. Mia moja arobaini na tano mara mia moja arobaini na tano ni 21,025. Zidisha kwa 128 upate 2,691,200. Gawanya kwa 10,800, unapata kilo 249. Kanuni hii hukosea, tena kwa zebu, hawa ng'ombe wetu wa nundu wenye mifupa myembamba, inaweza kupotoka kwa kilo ishirini hivi huku au huku. Kwa hiyo mwelewe kama mnyama wa kilo 230 hadi 270, na ufanye hesabu kwa 250. Ukikutana na tepu maalumu ya ng'ombe iliyoandikwa kilo moja kwa moja, uliza kwanza imetengenezewa ng'ombe gani. Nyingi zilitengenezwa kwa ng'ombe wakubwa wa maziwa wa kigeni, na zebu hawana umbo lile.

Kilo 250 za uhai si kilo 250 za sufuria. Ukimchinja, unatoa damu, ngozi, kichwa, kwato, tumbo na yote yaliyomo. Kinachobaki kimetundikwa, nyama pamoja na mifupa yake, kwa zebu wa hali ya wastani ni karibu asilimia 48. Aliyekonda hushuka hadi 43 au 45. Aliyenona vizuri hufika 50, na aliyelishwa vyema kwa miezi huweza kupita hapo kidogo. Wa kwako kwa 48 ni kilo 120. Kumbe ndiyo nyama mnayohitaji, na ndugu zako walikadiria vizuri.

Sasa rudi kwa maneno ya dalali. Ili fahali atoe kilo 200 za nyama kwa asilimia 48, lazima awe na kilo 415 hivi akiwa hai. Huyo angekuwa na kifua cha kama sentimita 175 na urefu wa 145. Wako wanyama hao Sondu, mara nyingi ni waliochanganywa damu na ng'ombe wa kigeni au maksai wakubwa kutoka upande wa Kericho, na ukimwona mmoja hutahitaji kuambiwa. Kati ya 145 na 175 kuna upana wa viganja vitatu hivi, tofauti ambayo jicho la mgeni huikosa ila tepu haikosi.

Nikae kidogo kwenye tepu, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea kwa watu wanaojua kanuni lakini hawajui kupima. Mnyama asimame kwenye ardhi tambarare, miguu yote minne imeshuka sawa, kichwa kikiwa usawa wa mgongo. Akiinamisha kichwa chini kutafuta majani, kifua hubadilika. Tepu ipite nyuma kabisa ya nundu juu, na chini ipite nyuma tu ya viwiko vya miguu ya mbele. Ikipanda juu ya nundu inaongeza uzito ambao haupo. Ikirudi nyuma kuelekea tumboni, hapo unapima majani na maji. Ikaze iguse ngozi bila kuibana, subiri atoe pumzi, ndipo usome. Rudia mara tatu na uchukue ya katikati. Kosa la sentimita tano linaonekana dogo, lakini jaribu: ukiandika 150 badala ya 145, kanuni inakupa kilo 267. Kilo kumi na nane za hewa, ambazo kwa bei tunayoelekea ni zaidi ya shilingi elfu nne.

Fahali wengi sokoni hawataki kuzungushiwa kitu, na tepu ya cherehani ni fupi, wengine wataikatalia tu. Chukua kamba ya katani. Mwombe mchungaji wake, si dalali, akusaidie kuipitisha, funga fundo inapokutana, kisha kaipime pembeni kwa utulivu. Mchungaji amezoeana naye na fahali atatulia. Ukikataliwa kabisa kupima, nenda kwa mnyama mwingine. Soko ni kubwa.

Umeandika kwamba tumbo lilikuwa duara kabisa. Hilo lilinisimamisha. Asubuhi ya soko, wapo wauzaji wanaomlambisha ng'ombe chumvi nyingi kisha wanampeleka mtoni. Ng'ombe mwenye kiu ya chumvi anaweza kunywa lita thelathini au zaidi, na kila lita ni kilo moja. Ubavu unajaa, ngozi inanyooka, mnyama aliyekonda anapendeza kwa saa kadhaa. Kilo thelathini za maji, ukizinunua kama uzito wa uhai, ni zaidi ya shilingi elfu saba, na zote zitamwagika kichinjioni. Ndiyo maana napenda mzingo wa kifua: kifua ni mbavu na mapafu, hakijazwi kwa maji kama tumbo. Anayekadiria kwa macho, akisimama ubavuni, ananunua tumbo.

Kwa hiyo usimtazame fahali kutoka ubavuni. Zunguka usimame nyuma yake, hatua tano hivi, umwangalie mgongo na mapaja. Kisha tafuta mahali pa juu kidogo, hata jiwe, umwangalie kutoka juu. Mnyama mwenye nyama ni mpana mgongoni na mapaja yamejaa hadi ndani. Aliyejazwa maji ana umbo la pipa chini na uti wa mgongo mkali juu, kama paa la nyumba. Tazama pia shimo la njaa, lile bonde la pembetatu kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Upande wa kushoto kuna tumbo kuu la kucheulia, na kama amekula vizuri ni sawa likijaa. Zikijaa pande zote mbili hadi zikavimba, huku mbavu bado unazihesabu na mnyama anakojoa kila mara, una sababu ya kutilia shaka. Dawa ya jambo hili ni muda. Fika mapema, umwone, ondoka, rudi saa tano au sita. Maji ya chumvi hayakai.

Baada ya macho, mikono. Hali ya mnyama haionekani vizuri chini ya manyoya, inashikwa. Weka kiganja kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho, juu ya ile mifupa mifupi inayotokeza pembeni mwa uti wa mgongo. Ukiihisi mmoja mmoja kama ncha za vidole vyako mwenyewe bila kubonyeza, huyo amekonda, mpe asilimia 44. Ukilazimika kubonyeza kidogo ndipo uihisi, ni wa wastani, 48. Ukibonyeza kwa nguvu na bado mifupa imejificha, ni mnono, 50. Kisha shika shina la mkia, pande mbili. Kwa aliyekonda kuna mashimo. Kwa mnono kuna mto laini wa mafuta. Zebu ana shahidi mwingine ambaye ng'ombe wa kigeni hana, nundu. Nundu iliyosimama, iliyojaa na ngumu ni akiba nzuri. Nundu iliyolegea na kulalia upande mmoja inaonyesha kwamba mnyama amekuwa akijila mwenyewe kwa muda, labda kwa kiangazi, labda kwa maradhi.

Tofauti ya asilimia hizo si ndogo. Fahali yuleyule wa kilo 250 akiwa amekonda anatoa kilo 110. Akiwa mnono anatoa 125. Kilo kumi na tano kwa 500 ni shilingi 7,500, na hukuzipata kwa kubishana, umezipata kwa kuweka mkono kiunoni.

Umri sasa. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ya chini tu, manane. Ya utotoni ni madogo, membamba. Ya utu uzima ni mapana kama koleo, na yanaota mawili mawili kuanzia katikati. Mawili ya kwanza hutokea kwenye miaka miwili hadi miwili na nusu. Manne ni karibu miaka mitatu. Sita huelekea mitatu na nusu hadi minne. Manane ni kuanzia minne na nusu, mitano, hapo tunasema kinywa kimejaa. Kutoka hapo husomi idadi, unasoma kulika: meno yanafupika, yanaachana, mizizi inaonekana, mwishoni mengine yanang'oka. Zebu wanaokula nyasi ngumu hulika meno mapema, kwa hiyo usiapishe mwaka kamili kwa mnyama mzee. Ili kuona, mwombe mchungaji ashike pua na kuinua kichwa kidogo, kisha ushushe mdomo wa chini kwa kidole gumba.

Kwa shughuli yako, umri haubadilishi idadi ya kilo. Unabadilisha thamani ya kilo. Fahali wa meno mawili hadi sita ana nyama inayoiva kwa saa moja na nusu hadi mbili jikoni. Kinywa kilichojaa lakini hakijalika bado ni sawa kabisa kwa sufuria kubwa za ukumbusho. Anayenitia wasiwasi ni maksai mzee wa jembe. Huku kwetu wengi huuzwa baada ya msimu wa kulima. Wana umbo kubwa, tepu inawapenda, na bei yao inaweza kukuvutia. Utamjua kwa sugu ya nira shingoni, mbele ya nundu, ngozi nene isiyo na manyoya, na mara nyingi mikwaruzo ya zamani mabegani. Nyama yake ni halali na ni safi, ila itachemka karibu asubuhi nzima, na kwa watu mia mbili hizo ni kuni na wapishi wa ziada. Kama ni rahisi vya kutosha, mnunue, lakini mjulishe mapema mama atakayesimamia jiko. Mimi kwa kilo ya mnyama huyo nisingelipa zaidi ya robo tatu ya bei ya kijana.

Afya. Hapa sitakwenda mbali, kwa kuwa ugonjwa hupunguzi nao bei, unakimbia nao. Anayecheua, mwenye pua yenye unyevu, macho maangavu, anayetembea bila kuchechemea, anatosha kuendelea naye. Lakini fungua ukope wa chini wa jicho. Ndani panapaswa kuwa na wekundu wa waridi. Pakiwa peupe kama karatasi, ana upungufu wa damu, na huku tunajua nani wa kulaumu: kupe, minyoo, au nagana sehemu zenye mbung'o. Pitisha mkono chini ya taya. Uvimbe laini wa maji hapo, hasa kwa ng'ombe aliyelishwa kwenye majaruba na mabwawa ya Kano, mara nyingi ni minyoo ya maini. Utamnunua, utachinja, na mkaguzi wa nyama atalitupa ini lote. Gusa pia chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zilizovimba kama yai pamoja na homa na kukohoa ni dalili za ndigana kali. Udenda mwingi na kuchechemea kwa miguu zaidi ya mmoja ni dalili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Huyo usimsogelee, na mwambie afisa wa mifugo wa soko siku ileile.

Uliza pia kama amechomwa sindano karibuni, na uangalie shingoni kama kuna uvimbe mpya. Wako wanaomchoma mgonjwa dawa kali ili asimame siku ya soko. Dawa za namna hiyo zinazokaa mwilini muda mrefu zina masharti kwenye lebo ya kusubiri, mara nyingi wiki kadhaa, kabla nyama kuliwa. Ukumbusho wenu ni mwezi ujao, na wageni watakula wakiamini mmewapa kitu kizuri.

Sasa tumalizie bei. Tuseme umerudi, umepima vizuri, umepata 145 na 128, kiuno ni cha wastani, meno sita, afya njema. Kilo 250 za uhai, 120 za nyama. Kwa bei ya jumla ya 500, nyama ni shilingi 60,000. Hapo ndipo mwenye bucha angemwekea thamani. Mwenye bucha hapati faida kubwa kwenye nyama hiyo peke yake, anategemea kichwa, miguu na matumbo kulipia uchinjaji na usafiri. Ngozi siku hizi haimpi kitu cha kujivunia. Wewe hali yako ni tofauti kidogo. Matumbo na kichwa mtakula nyumbani, kwa hiyo hesabu labda elfu nne au tano za faida. Lakini utalipa ushuru wa soko, kibali cha kusafirisha, pikap kutoka Sondu hadi Ahero, mchinjaji na ukaguzi. Kwa wengi vitu hivyo vinakaribia kufutana na thamani ya matumbo, ila uliza pikap kabla ya kuanza kujadili bei, kwa sababu wakishajua umenunua, nauli hupanda.

Dari yako ni hii: kilo 120 kwa bei ya bucha, 600, ni 72,000, na bucha ya Ahero ingekuletea mlangoni bila fahali kukimbia wala kupotea njiani. Kwa hiyo ukifika 72,000 pamoja na gharama zote, faida ya kununua mnyama mzima imekwisha. Mimi ningeanza kwa 52,000, nikasema kwa upole lakini bila kuona haya, nikakubali kati ya 58,000 na 62,000, na nikageuka kuondoka kwa 64,000. Ukigeuka, ondoka kweli. Dalali anayetaka 85,000 kwa huyu anajua bei yake. Anauliza tu kama na wewe unaijua.

Kuna jambo la ukumbusho lenyewe. Msimwambie mtu yeyote sokoni kwamba ni wa shughuli, wala tarehe. Neno hilo linakwenda mbele yako, na kila mnyama utakayeinamia atapanda kwa elfu kumi, kwa sababu wanajua hamwezi kurudi mikono mitupu. Nenda wiki mbili kabla. Mtakaa naye, atakula nyasi za nyumbani, na mtaona kama ana kikohozi. Mkisogea Desemba bei hupanda zaidi, kwani kila mtu ana harusi, mazishi au sikukuu. Januari wazazi wanauza kutafuta karo ya shule na bei hulegea, lakini najua tarehe ya ukumbusho haisongezwi kwa ajili ya bei ya ng'ombe.

Hakikisha pia unayempa pesa ndiye mwenye mnyama. Dalali si mbaya, anafanya kazi ya kuunganisha watu na anastahili ujira wake, lakini mwite mwenyewe aje msimame watatu, mwulize dalali anachukua ngapi na nani analipa. Omba barua ya chifu ya umiliki na kibali cha kusafirisha kutoka ofisi ya mifugo, na ulinganishe rangi na alama zilizoandikwa na mnyama aliye mbele yako. Fahali wa wizi akifuatwa hadi kwenu, mtapoteza mnyama na pesa, na siku yenyewe itaharibika.

Kama ndugu zako watabadilisha mawazo na kuchukua mbuzi kadhaa, hesabu ni hiyohiyo ila rahisi zaidi, kwa kuwa mbuzi unaweza kumtundika kwenye mizani ya ndoano ya mwenye bucha. Hutoa karibu asilimia 45. Mbuzi wa kilo 30 ana nyama kilo 13 na nusu, na kwa 700 kwa kilo ni shilingi 9,450. Meno yake huota mapema kuliko ya ng'ombe: mawili makubwa kwenye mwaka mmoja na miezi michache, kinywa kujaa kwenye miaka minne hivi. Shika kiuno vilevile na ushike mfupa wa kifua chini, kati ya miguu ya mbele. Na kwa mbuzi jike, bonyeza tumbo kwa upole upande wa kulia na uangalie kiwele. Ukihisi kitu kigumu kinasogea ndani, mwache arudi nyumbani akazae. Kwa kilo 120 mngehitaji mbuzi tisa wa namna hiyo, na gharama ingevuka elfu themanini. Fahali ndiye mnayemhitaji.

Ukipima urefu na meno, niandikie namba hizo kabla ya kutoa pesa. Tukikuta urefu ni 120 badala ya 128, kilo zinashuka hadi 234, nyama 112, na bei yangu ya haki inashuka hadi 56,000.